Maswali na Majibu: Kilatini cha kwenye ngao na mawe

Kwenye ngao ya taifa ya Morisi kuna utepe ulioandikwa STELLA CLAVISQUE MARIS INDICI. Maana yake hasa ni nini?

Ni "Nyota na Ufunguo wa Bahari ya Hindi". *Stella* ni nyota, *clavis* ni ufunguo, *maris* ni "ya bahari", na *Indici* ndiyo "Hindi". Wengi hukwama kwa sababu hawaioni "na". Imo kwenye *-que*, kiambishi kinachobandikwa mwishoni mwa neno la pili kati ya mawili yanayounganishwa. *Stella clavisque* ni sawa na *stella et clavis*. Ndiyo *-que* iliyomo katika SPQR ya Roma, yaani *Senatus Populusque Romanus*, "Baraza na Umma wa Roma": ile Q inasimamia "na".

Usisome utepe bila kutazama ngao iliyo juu yake. Ngao ya Morisi, iliyotolewa mwaka 1906, ina sehemu nne: merikebu, miti mitatu ya jamii ya mnazi, ufunguo na nyota nyeupe. Kwa hiyo maneno mawili ya kwanza ya utepe yamechorwa waziwazi. Ufunguo una historia yake. Kabla ya Mfereji wa Suezi kufunguliwa mwaka 1869, meli za Ulaya ziendazo Bara Hindi zilizunguka kusini mwa Afrika, na kisiwa hiki kilikuwa mahali pa kutia nanga, kuchukua maji na kukarabati. Aliyeishika bandari ya Port Louis aliweza kuilinda njia hiyo au kuisumbua. Ndiyo maana Waingereza walikwenda kuwanyang'anya Wafaransa kisiwa hicho mwaka 1810.

Nilitafuta neno mojamoja kwenye kamusi ya Kilatini. Kwa MARIS nikapata "ya mwanamume", na kwa INDICI nikapata "kwa kidole cha shahada". Kamusi imekosea?

Haijakosea. Maneno hayo yana asili mbilimbili, na hapa ndipo kutafsiri neno mojamoja kunapompoteza mtu. *Maris* hutokana na *mare*, bahari, lakini pia na *mas*, mwanamume. *Indici* hutokana na *Indicus*, "-a Hindi", lakini pia na *index*, kielekezi au kidole cha shahada.

Kinachoamua ni upatanisho, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analijua tangu utotoni. Sisi husema "bahari kubwa" lakini "mlango mkubwa", kwa kuwa sifa hufuata ngeli ya nomino. Kilatini hupatanisha mwishoni mwa neno, na pamoja na jinsi na idadi huangalia pia kazi ya neno katika sentensi. Bahari ya Hindi ikiwa kiima huitwa *mare Indicum*. Ikiwa mmiliki wa kitu huwa *maris Indici*. Miisho *-is* na *-i* haifanani kwa sababu maneno yenyewe ni ya makundi tofauti, ila yote miwili inasema "ya".

Sasa jaribu *index*. Umbo lake la "kwa" ni *indici*, lakini la "ya" ni *indicis*. Likisimama kando ya *maris* halipatani nalo, wala hakuna kitenzi cha kupa au kuonyesha ambacho hiyo "kwa" ingekitegemea. Hilo linatoka. *Mas* halitoki kwa sarufi pekee, maana *maris Indici* ingeweza kabisa kuwa "ya mwanamume wa Kihindi". Linatoka kwa sababu ya ngao: kuna merikebu, na kisiwa kiko katikati ya bahari hiyo. Sarufi hupunguza maana zinazowezekana, kisha mahali maandishi yalipo humalizia kazi.

Yanatamkwaje?

Vokali zisome kama za Kiswahili. Kwa matamshi ya Roma ya kale ni "stela klawiskwe maris indiki", na L mbili za *stella* zikazwe kidogo. Kanisani utasikia "indichi". Mkazo wa *clavisque* uko kwenye VIS, silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. *Indici* huukaza mwanzo: IN-di-ki.

Shelisheli wana FINIS CORONAT OPUS. Nani anamvika nani taji?

Mwisho unaivika kazi taji. *Opus*, kazi, haitusaidii, kwa kuwa umbo lake ni lilelile liwe kiima au yambwa. Ushahidi uko kwenye *finis*: kama mwisho ndio ungevikwa taji, neno lingekuwa *finem*. Kwa hiyo hata ukiandika *opus coronat finis*, mvikaji taji ni yuleyule. Watu huichanganya kauli hii na ile ya kwamba lengo jema huhalalisha njia yoyote. Si hiyo. Hapa hakuna anayehalalisha kitu. Inasemwa kwamba kazi hutimia na kupata heshima yake inapomalizwa.

Kwenye mawe ya kale naona V mahali pa U, na nukta katikati ya maneno. Nisomeje?

Herufi kubwa za Kirumi zilikuwa na V tu, iliyobeba sauti ya U na ya W. Popote ambapo V imefuatwa na konsonanti, soma U. Nukta ni nafasi kati ya maneno, wala si mwisho wa sentensi. Herufi moja iliyosimama peke yake karibu kila mara ni ufupisho. Chukua mwanzo wa maandishi ya Tao la Tito mjini Roma: SENATVS POPVLVSQVE ROMANVS DIVO TITO DIVI VESPASIANI F. Ile F ni *filio*, "mwana". Miisho ya *-o* inasema "kwa", na ya *-i* inasema "ya". Kwa hiyo: "Baraza na Umma wa Roma, kwa Tito mtukufu wa kimungu, mwana wa Vespasiano mtukufu wa kimungu". Hakuna kitenzi, na hakihitajiki, maana tao lenyewe ndilo lililotolewa.

Tunataka "Kwa bidii na ukweli" kwa Kilatini juu ya lango la shule. Tumepata LABOR ET VERITAS. Fundi achonge?

Asichonge kwanza. Hiyo ni "Kazi na ukweli", kwa sababu kamusi hutoa umbo la kiima. Ile "kwa" inataka mwisho mwingine: LABORE ET VERITATE. Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kauli yake ni *Unitate et Labore*, "kwa umoja na kazi", wala si *unitas et labor*. Kosa baya zaidi ni kubadilisha neno moja na kuliacha lingine, mkapata LABORE ET VERITAS. Kumbukeni pia kwamba *labor* ni kazi yenye taabu. Kama bidii mnayoikusudia ni ya mwanafunzi makini, *diligentia* inafaa zaidi, na mwisho wake hauonekani kubadilika: DILIGENTIA ET VERITATE.

Mkishaamua, mpeni fundi maandishi yaliyochapwa kwa herufi kubwa, si ya mkono. Aichore kauli yote kwenye karatasi ya ukubwa kamili na kuibandika ukutani. Asigawe visanduku sawa, kwa kuwa I ni nyembamba na D, G na N ni pana; visanduku sawa huacha mianya inayofanya neno moja lisomeke mawili. Nafasi ikiwa finyu, mstari ukatwe kabla ya ET, kamwe si katikati ya neno. Kisha mtu ambaye hakuandaa maandishi asome karatasi herufi kwa herufi, akianzia mwisho kurudi mwanzo, kabla patasi haijagusa jiwe.