Barua kwa mwanangu: elfu thelathini ya fomu

"Mama, kwenye grupu letu la watsapu wametupia nafasi za karani wa stoo bandarini Tanga. Niliacha namba yangu, sasa nimepata meseji nitume 30,000 ya fomu kabla ya saa kumi. Nitajuaje kama ni kweli?"

Mwanangu Neema,

Usitume. Bandari ni mali ya umma, na nafasi za taasisi za umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Maombi yanapitia portal.ajira.go.tz, bure kabisa. Fomu ya kununua haipo.

Nilipokuwa ofisi ya utumishi kiwandani, vijana wawili walifika getini asubuhi na barua za kuripoti kazini. Nembo ilikuwa yetu, mhuri ungeapa ni wetu, ila cheo kilichoandikwa hatukuwa nacho. Kila mmoja alikuwa ameshatuma 45,000, na mmoja alikuwa amekopa nauli. Siku ile chakula hakikunipita kooni. Ndiyo maana nembo kwenye tangazo hainiambii kitu.

Ukiona tangazo kwenye grupu, lifuate hadi lilikotoka. Usibonyeze kiungo, andika anwani ya taasisi mwenyewe, kisha tafuta cheo kilekile na uangalie tarehe ya mwisho, maana matangazo ya mwaka juzi huzunguka yakibadilishwa tarehe tu. Kama ni lazima usome kiungo, tazama herufi zilizo kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Ya serikali yetu huishia .go.tz hapo. Ikiwa "ajira.go.tz" imetangulia halafu ikafuatiwa na nukta na maneno mengine, mwenye tovuti ni hayo maneno ya mwisho. Na namba yako ya NIDA usiijaze humo.

Lakini usitoke kwenye magrupu, mwanangu. Maduka ya jumla, maghala na karakana nyingi hazina tovuti, na nafasi zao hupita humohumo. Zenye uhai huandikwa na mtu anayesema yuko wapi: "Ghala letu la pale barabara ya saba linatafuta mtu wa kupokea mzigo." Mwulize faragha: kazi inaanza lini, nani anahoji, nije ofisi ipi? Anayefanya kazi pale hujibu kwa jina la mtaa na la msimamizi. Aliyepitisha tu atakwambia "nami nimeletewa", na hapo huna tangazo, una fununu. Admini naye hakagui kila kinachotupwa, usimtegemee. Nenda mchana, uulize mlinzi getini.

Hiyo meseji ya 30,000 ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti meseji za matapeli, kisha uwaonyeshe wenzako kwenye grupu kabla ya saa kumi, maana nawe si peke yako uliyeacha namba.

Mama yako