Maswali na majibu: Kulisoma duara la tano

Kwa nini baada ya C inakuja G, na si D?

Kwa sababu duara la tano, yaani mchoro unaopanga kii za muziki kwa mzunguko, halifuati mpangilio wa herufi. Linaruka noti tano, na ile unayoanzia inahesabiwa: C, D, E, F, G. Kwenye kinanda ni nusu toni saba kwenda juu.

Kaa kwenye kinanda upige skeli kuanzia G kwa vitufe vyeupe tu: G, A, B, C, D, E, F, G. Inakwenda vizuri mpaka mwisho, hapo sikio linakataa. Skeli ya meja inataka ti iwe nusu toni tu chini ya do, lakini kutoka F hadi G ni toni nzima. Pandisha F iwe F shapu, na skeli inakaa sawa. Ndiyo maana kii ya G ina shapu moja. Sogea tena kulia ufike D: F shapu inabaki, na C nayo inapanda kwa sababu hiyohiyo, maana sasa C ndiyo ti. Kila hatua ya kulia inabadilisha noti moja tu, nyingine sita zinabaki zilivyokuwa. Ukilishika hilo, mengine yote ya duara yanatokana nalo.

Nikiona shapu nne au flati tatu mwanzoni mwa mstari, nitajuaje kii bila kukariri?

Kwa shapu, tazama ile ya mwisho. Imeingia kwa sababu ni ti, kwa hiyo do iko nusu toni juu yake. Shapu huandikwa kwa mpangilio usiobadilika: F, C, G, D, A, E, B. Ya nne ni D shapu. Panda nusu toni, umefika E meja.

Flati zinatokea upande wa kushoto, na hapo noti mpya ni fa. Ukitoka C kwenda F, fa yako ni B, nayo iko juu mno kwa nusu toni, basi unaishusha iwe B flati. Mpangilio wa flati ni ule wa shapu ukisomwa kinyumenyume: B, E, A, D, G, C, F. Flati ya mwisho ni fa, na ile inayoitangulia ndiyo do. Kwa flati tatu, B, E, A, do ni E flati. Usiseme "E" ukaishia hapo, maana E yenyewe ina shapu nne na iko mbali kabisa kwenye duara. Flati moja tu haina ya kuitangulia, kwa hiyo ikariri: ni F.

Chini ya duara F shapu na G flati zimewekwa pamoja. Niandike ipi?

Vitufe ni vilevile, na alama ni sita kila upande. Mimi huangalia wimbo umetoka wapi. Kama ulikuwa D flati, yenye flati tano, andika G flati ili msomaji aongezewe flati moja tu. Ukitoka B, yenye shapu tano, andika F shapu.

Wimbo wetu una shapu mbili. Mwenzangu anasema ni D meja, mimi nasikia B maina. Halafu katikati G shapu inajitokeza. Nani yuko sahihi?

Alama za mwanzoni peke yake haziwezi kuwaamulia. Tazameni duara la ndani: chini ya D imeandikwa B maina, nusu toni tatu chini yake, na zote mbili zinatumia alama zilezile. Kinachozitofautisha ni pale wimbo unapotulia. Tafuteni pia A shapu. B maina kwa kawaida huipandisha A ili ipate ti yake, hasa karibu na mwisho wa sentensi ya muziki. Kama kordi ya mwisho ni D na A shapu haionekani, mwenzako ana hoja nzito.

Hiyo G shapu inaelekeza kwa jirani wa kulia. D na A zinatofautiana kwa noti hiyo moja tu: G ya kwanza ni shapu kwa ya pili. Ikiwa inarudi mara kwa mara, na sentensi inafungwa kwa kordi ya E kwenda A, wimbo umehamia A meja. Ikiwa imepita mara moja tu na G ya kawaida ikarudi papo hapo, ni pambo, kii haijahama. Majirani wengine wa D ni G upande wa kushoto, pamoja na maina zilizo ndani ya hizo tatu: B, F shapu na E. Wimbo ukihama kwa upole, mara nyingi utakuwa kwenye mojawapo ya hizo. Ukiruka hadi A flati, upande wa pili kabisa wa duara, noti mbili tu ndizo zinabaki zikisikika vilevile, na waimbaji watahitaji kordi za kuwavusha.