Umeshaingia dialout, mbona porti bado inakukatalia?

Swali: Shikamoo fundi. Nasoma mwaka wa tatu hapa Dodoma. Natengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu la baba mdogo kule Mpunguzi. Natumia ESP32, na kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04. Nikipakia programu napata Permission denied kwenye /dev/ttyUSB0, nikiweka sudo inakubali. Nimebadilisha waya mara tatu. Rafiki kanipa amri ya usermod, nimeiandika, haikutoa neno lolote, na kosa liko palepale. Shida ni bodi au kompyuta?

Jibu: Marahaba. Bodi ni nzima na waya ni mzima, acha kununua waya. Ungekuwa mbovu, hata sudo isingekusaidia. Kilichobaki ni kutoka kwenye akaunti yako na kuingia upya. Ila usitoke bado. Amri ya usermod ina mtego mmoja unaojitokeza baada ya kuingia upya, na ni rahisi kuutegua ukiwa bado umo ndani. Soma kwanza hadi chini.

Chomeka bodi, kisha angalia porti yenyewe:

```
$ ls -l /dev/ttyUSB0
crw-rw---- 1 root dialout 188, 0 Mar  4 10:12 /dev/ttyUSB0
```

Herufi ya kwanza, c, inasema hiki ni kifaa, si faili la kawaida. Zinazofuata zisome tatu tatu. Tatu za kwanza ni za mwenye mali, root, anayeruhusiwa kusoma na kuandika. Tatu za pili ni za kikundi cha dialout, nacho kinasoma na kuandika. Tatu za mwisho ni za watu wengine wote, na hao hawana kitu. Wewe uko kwenye hao wengine. Sudo inakubali kwa sababu inakugeuza kuwa root kwa dakika ile.

Jina la dialout limebaki tangu enzi za modemu. Waliokuwa kwenye kikundi hicho ndio walioruhusiwa kupiga simu nje kwa kompyuta, na simu zilikuwa na bili, kwa hiyo si kila mtu alipewa. Modemu zimekwisha, lakini porti za aina hiyo bado zinakabidhiwa kikundi kile kile, na bodi yako inaonekana kwa Linux kama porti mojawapo. Ukitumia Arch utakuta kikundi kinaitwa uucp. Ndiyo maana sipendi watu wakariri jina: lisome kwenye ls, kisha ujiunge na hicho ulichokisoma.

Sasa tuje kwenye amri ya rafiki yako. Sahihi yake ni hii:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Ile herufi a ndogo ndiyo mtego. Ikiwepo, unaongezwa kwenye dialout na vikundi vyako vya zamani vinabaki. Ukiisahau ukaandika -G peke yake, umeiambia kompyuta kwamba vikundi vyako vya ziada kuanzia sasa ni dialout tu. Vingine vyote vinafutwa, hata kikundi cha sudo kinachokuruhusu kutumia amri ya sudo, na amri haisemi kitu. Imekaa kimya kwako, na ingekaa kimya vile vile kama ungekosea.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya namna hiyo mezani kwangu hapa Majengo. Kijana alikuja akisema Ubuntu imeharibika, hawezi kufunga programu yoyote. Kila akiandika sudo anaambiwa jina lake is not in the sudoers file. Hakuna kilichoharibika. Alijitoa mwenyewe kwenye sudo kwa herufi moja, akazima kompyuta akalala. Ilibidi niiwashe kwa hali ya ukarabati, ile inayoandikwa recovery mode kwenye menyu ya kuwashia, nikafungua dirisha la root na kuandika hivi, panaposomeka jinalake pakiwa jina la akaunti yake:

```
mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo,dialout jinalake
```

Kwako bado hatujui, kwa hiyo tuangalie. Tuseme akaunti yako inaitwa zabibu. Andika amri hizi mbili, moja bila jina na nyingine ikiwa na jina:

```
$ id -nG
zabibu adm cdrom sudo dip plugdev lpadmin lxd sambashare
$ id -nG zabibu
zabibu adm dialout cdrom sudo dip plugdev lpadmin lxd sambashare
```

Zinafanana kwa kuandikwa, lakini zinajibu maswali mawili tofauti. Ya pili inafungua daftari, yaani faili la /etc/group, na kusoma kilichoandikwa humo leo. Ya kwanza haigusi daftari. Inauliza dirisha hili la amri limebeba vikundi gani. Ukiona dialout iko kwenye ya pili lakini haipo kwenye ya kwanza, ugonjwa wako ndio huo.

Unapoingia kwenye akaunti, mfumo unasoma daftari mara moja, unaandika orodha ya vikundi vyako na kuifunga kwenye programu ya kwanza inayoanza kwa jina lako. Kila programu inayozaliwa na hiyo inarithi orodha ile ile: dirisha la amri, kihariri, hata chombo kinachopakia kwenye bodi. Programu inapotaka kufungua porti, Linux haiendi kupekua daftari upya. Inatazama orodha iliyobebwa. Ni kama mlinzi wa getini anayesoma kitambulisho ulichovaa shingoni. Hata kama ofisini wameshakuandika jana, hajui, mpaka uvae kipya. Usermod iliandika ofisini, na kitambulisho shingoni mwako ni cha asubuhi.

Utaratibu huo huo unakulinda kama uliikosea amri. Ukikuta id yenye jina haina sudo, usifunge dirisha. Dirisha lililofunguliwa kabla ya kosa bado limebeba orodha ya zamani, na mara nyingi sudo itakubali humo. Andika usermod upya kwa -aG, utaje sudo na dialout pamoja na vile vingine unavyoviona kwenye id isiyo na jina, kisha hakikisha tena.

Ukishaona sudo na dialout zote ziko kwenye daftari, sasa toka. Namaanisha kutoka kwenye akaunti nzima. Kufunga dirisha na kulifungua tena hakusaidii, kwa sababu dirisha jipya linazaliwa na mzazi yule yule wa asubuhi. Hata kutoka kwenye akaunti wakati mwingine hakutoshi: kama kuna kazi yako nyingine iliyobaki ikitembea nyuma, kwa mfano tmux, meneja wa programu zako anaweza kubaki hai na orodha yake kuukuu. Mimi huwaambia watu wazime na kuwasha tu, ubishi uishe.

Utaambiwa pia kuhusu newgrp dialout. Inafanya kazi, lakini ndani ya dirisha lile tu ulilolifungulia. Ukiandika newgrp kwenye dirisha la amri kisha ukafungua kihariri chako kutoka kwenye menyu, kihariri hakijui habari hiyo. Watu wengi hapo ndipo wanapoapa kwamba kikundi hakisaidii. Ukirudi baada ya kuwasha, jaribu bila kihariri kwanza:

```
[ -w /dev/ttyUSB0 ] && echo tayari
```

Ikikuandikia tayari, suala la ruhusa limekwisha.

Mtu mwingine atakushauri chmod 666, yaani kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika kwenye porti. Itakubali papo hapo, na ukichomoa waya ukachomeka tena imefutika, kwa sababu lile faili la ndani ya /dev halikai: linatengenezwa upya kila kifaa kinapojitokeza, na ruhusa zake za kawaida. Bodi yenye chipu ya kati kama CH340 inaweza kukudanganya siku nzima, maana porti haipotei bodi inapojiwasha upya. Lakini ukija kununua bodi ambayo USB yake imo ndani ya mikrokontrola yenyewe, kama Arduino Leonardo, upakiaji wenyewe unaifanya ipotee na kurudi. Chmod yako inafia katikati ya safari.

Kuhusu zile waya tatu, nadhani najua kilichokupeleka dukani. Matoleo ya karibuni ya esptool, chombo kinachopakia programu kwenye ESP32, huandika kwanza kwamba the port is busy or doesn't exist, na sababu halisi inafuata mstari wa chini. Usiishie mstari wa kwanza. Tafuta namba baada ya neno Errno. Ikiwa 13, ni ruhusa. Ikiwa 2, porti haipo kabisa, na hapo ndipo waya wa kuchajia tu usiopitisha data unapohusika. Ikiwa 16, kuna programu nyingine imeishika, na mara nyingi ni dirisha lako mwenyewe la kusomea ujumbe kutoka kwenye bodi.

Kwa kuwa uko kwenye Ubuntu 22.04, hiyo 2 ina sababu nyingine inayokera. Kuna programu ya brltty, ya mashine za nukta nundu za wasioona, ambayo huidhania CH340 kuwa mashine yake na kuichukua. Porti inatokea sekunde moja kisha inayeyuka, na ukiandika sudo dmesg utaliona jina brltty mwishoni. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa sudo apt remove brltty.

Usidhani pia dialout inafungua kila kitu kinachochomekwa. Inafungua vinavyojitokeza kama ttyUSB au ttyACM. Ukija kutumia kipakiaji kama USBasp, hicho hakitengenezi porti ya namna hiyo, na kujiunga na dialout hakutakigusa. Kinahitaji kanuni yake ya udev, sehemu ya Linux inayogawa ruhusa kifaa kinapochomekwa.

La mwisho linatokana na zile sudo ulizokwisha kuziandika. Kama ulipakia kwa PlatformIO ukiwa na sudo ndani ya folda ya mradi, kuna mafaili yaliyotengenezwa kwa jina la root. Ukirudi kama wewe mwenyewe utaona tena Permission denied, na utadhani dialout imekataa. Soma ni faili gani linalotajwa mwishoni mwa mstari. Likiwa ni /dev/ttyUSB0, rudi kwenye id. Likiwa ni kitu ndani ya .pio, jirudishie mali yako ukiwa ndani ya folda ya mradi, kisha upakie bila sudo:

```
sudo chown -R $USER: .pio
```