Shavu la paka limevimba baada ya kupigana

*Shikamoo daktari. Dume langu lilipigana Jumatatu usiku. Niliona kitundu kidogo tu shavuni, kesho yake kikafunga. Leo Ijumaa shavu limevimba kama limao, hali chakula na anajificha chini ya kitanda. Nina kapsuli za amoksilini zilizobaki nyumbani, nimpe? Au nilitumbue mwenyewe? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, dada. Usilitumbue, na kapsuli ziache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usingoje Jumatatu, kwa sababu paka aliyeacha kula huenda tayari ana homa.

Kule kufunga kwa kitundu ndiko kulikoleta balaa. Meno ya chonge ya paka ni membamba na marefu. Yakizama, yanapenya ngozi na kuacha chini yake bakteria wa mdomoni, hasa pasturela, pamoja na wengine wanaostawi pasipo hewa. Ngozi ya paka ni legelege na inaziba upesi, mara nyingi ndani ya siku moja. Basi uchafu unafungiwa ndani, mahali penye joto na pasipo hewa. Mwili unapeleka chembe nyeupe za damu kupambana nao, nazo zikifa kwa wingi, pamoja na bakteria na nyama iliyooza, ndiyo usaha wenyewe. Kwa kawaida uvimbe unaonekana siku ya pili hadi ya tano, kwa hiyo Ijumaa yako haishangazi. Na kwa kuwa jeraha liko shavuni, dume lako lilimkabili mwenzake. Wanaokimbia huumwa matakoni na kwenye shina la mkia.

Ungemleta Jumanne, wakati pamevimba kidogo tu na pana joto bila usaha, huenda antibayotiki peke yake ingetosha. Sasa haitoshi. Dawa husafiri kwa damu, na katikati ya usaha hakuna mishipa ya damu ya kuifikisha. Daktari atabonyeza uvimbe: ukiwa laini, unacheza chini ya kidole, usaha umekwisha kukusanyika. Atampa paka dawa ya usingizi, atanyoa manyoya, atachana sehemu ya chini kabisa ya jipu ili usaha ushuke wenyewe, kisha ataosha kishimo kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka yatoke safi. Harufu yake, nakuonya, itakufukuza chumbani. Mara nyingi kidonda huachwa wazi makusudi, kipone kuanzia ndani. Kikishonwa chote kingali kichafu, jipu linarudi.

Ukilitumbua nyumbani, tundu huwa dogo, linaziba tena kabla usaha haujaisha, na ukikamua unausukuma kwenye nyama ambayo bado nzima.

Sasa antibayotiki inafanya nini ikiwa usaha umetolewa? Inaua bakteria waliosambaa kwenye nyama ya pembeni na walioingia kwenye damu. Wengi wetu hutumia amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, kwani baadhi ya bakteria hao huivunja amoksilini ikiwa peke yake. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 12.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 50 kila mara. Kapsuli ya binadamu ina 250 au 500, na huwezi kugawa unga ule kwa jicho. Tena mabaki huisha siku ya pili: uvimbe unanywea, unafurahi, halafu bakteria wagumu waliosalia wanaanza upya. Ukipewa dozi ya siku saba, maliza zote saba hata kama paka amerudi kuruka ukuta.

Kwa maumivu, usimpe panadoli hata kipande. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Pia usimpake zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe zikiingia kwenye maji. Atazilamba, nazo ni sumu kwake.

Baada ya siku mbili tatu za dawa anapaswa kula na homa kushuka. Asipopata nafuu, au kidonda kikaendelea kutoa usaha, mrudishe. Pengine jino limevunjikia ndani, au kuna virusi vya UKIMWI wa paka, ambavyo huenea kwa kuumana na havimpati binadamu. Kipimo chake husubiri kama miezi miwili baada ya kuumwa. Mwambie daktari pia kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, na muulize kuhusu kumhasi, maana madume wasiohasiwa ndio ninaowapasua mara kwa mara.

Akikuuma wewe wakati wa kumkamata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.