Namba za majedwali kwenye Word zimevurugika baada ya kuhamisha sura

"Tasnifu yangu ni ya wakulima wa mwani wa Paje. Sura ya 4 nimeifanya ya 3, sasa Jedwali 4.2 limebaki vilevile, na pengine pameandikwa Error! Reference source not found. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Weka nakala ya faili kwanza, kisha bonyeza Ctrl+A, halafu F9. Kwenye baadhi ya laptopu ni Fn+F9. Word haihesabu upya mpaka uiamrishe. Kama namba ya sura inatoka kwenye Heading 1 yenye namba, Jedwali 4.2 litageuka 3.2, pamoja na kila pale lilipotajwa.

Lisipogeuka, bofya juu ya namba yenyewe. Ikiwa haiwi na kivuli cha kijivu, iliandikwa kwa mkono: ifute, uiweke upya kwa Insert Caption.

Hiyo Error! ni jambo jengine. Kila jedwali unalolirejelea lina alama iliyofichwa, jina lake huanza na _Ref. Ukikata na kubandika, alama huhama nalo. Ukinakili, ukabandika, kisha ukafuta la zamani, alama inafutika nalo, na F9 haiwezi kuirudisha. Nadhani ndivyo ulivyofanya.

Tafuta neno Error! kwa Ctrl+F. Kila unapolikuta, soma sentensi: ikisema "bei ya mwani mkavu", basi ni jedwali la bei. Futa kosa, fungua References, Cross-reference, chagua jedwali hilo na Only label and number. Ukimaliza yote, Ctrl+A na F9 tena, kisha utafute Error! mara ya mwisho kabla hujampelekea msimamizi.