PS5 ya diski au ya kupakua: hesabu ya bei, bando na nafasi

"Wakuu, nataka kununua PS5. Ile isiyo na sehemu ya diski ni ya bei nafuu. Je, gemu za kupakua zina unafuu kuliko diski? Intaneti yangu ni ya bando la simu, na gemu yangu kubwa ni mpira."

Ndugu, katika maelezo yako jambo lenye uzito kuliko bei ya mashine ni hilo bando la simu. Mimi nimetumia njia zote mbili, kwanza kwa bando na baadaye kwa faiba ya nyumbani, na jibu lilibadilika kabisa siku nilipobadilisha intaneti. Kwa hiyo usilinganishe bei iliyoandikwa kwenye kasha na bei iliyoandikwa dukani mtandaoni. Linganisha fedha itakayokuwa imetoka mfukoni mwako moja kwa moja baada ya kumaliza kucheza, ukijumlisha data na kutoa kile utakachorudishiwa utakapouza.

Tuchukue gemu ya mpira inayouzwa dola 70 siku inapotoka, na tukadirie dola moja kuwa shilingi 2,600. Ukiipakua utalipa shilingi 182,000. Tuseme ina ukubwa wa GB 50 na kila GB ya bando inakugharimu shilingi 1,500. Hapo unaongeza shilingi 75,000, jumla 257,000, na fedha hiyo hairudi. Diski mpya ya gemu hiyohiyo tuiweke shilingi 170,000. Ukiitumia miezi michache na kuiuza kwa 100,000, na katikati umepakua masasisho ya GB 10 kwa shilingi 15,000, gharama yako halisi ni shilingi 85,000. Weka bei za mtaani kwako na za bando lako mahali pa hizi zangu, lakini mpangilio wa hesabu ni huohuo.

Upande wa kupakua una nguvu yake, nayo ni punguzo. Gemu za mpira hutoka kila mwaka karibu na Septemba, na msimu unapoelekea ukingoni bei yake mtandaoni huporomoka sana. Ikishuka kwa asilimia 70, ile ya dola 70 inakuwa dola 21, yaani shilingi 54,600. Mwenye faiba ya malipo ya mwezi yasiyo na kikomo hatozwi chochote zaidi kwa kuipakua, na kwake bei hiyo ni nzuri kweli. Wewe mwenye bando utaongeza zile 75,000 na kufika 129,600, wakati katika kipindi hichohicho diski iliyotumika nayo imeshuka bei. Ukiinunua kwa 60,000 na kuiuza kwa 40,000, umetumia shilingi 20,000 na masasisho tu. Angalizo ni kwamba diski ya mpira huoza haraka sokoni: toleo jipya likishatangazwa, wanunuzi hupungua, kwa hiyo iuze kabla ya hapo. Gemu za hadithi za mchezaji mmoja hushika bei kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu nafasi, wengi huamini kwamba diski huokoa hifadhi ya mashine. Sivyo. PS4 na PS5 zote hunakili gemu kutoka kwenye diski hadi kwenye hifadhi ya ndani, na baada ya hapo diski hubaki kuwa ufunguo tu, ambao lazima uwemo ndani kila unapocheza. Gemu ya GB 50 itachukua takriban GB 50 kwa njia yoyote. PS5 ya mwaka 2020 ina SSD ya GB 825, na zinazobaki kwa mtumiaji ni kama GB 667, kwa hiyo hifadhi hujaa mapema. Tofauti inajitokeza siku unapolazimika kufuta gemu. Mwenye diski huirudisha kwa kunakili tena bila kulipia data, isipokuwa masasisho. Aliyepakua hulipa bando upya. Dawa yake ni diski kuu ya nje ya USB, ambayo PS5 huikubali kuanzia GB 250: gemu za PS5 hazichezeki zikiwa humo, lakini unaweza kuzihifadhi na kuzirudisha ndani bila intaneti.

Data nayo ina mtego wake hata kwa mwenye diski. Ukiingiza diski wakati mashine iko mtandaoni, itaanza kuvuta sasisho hapohapo, na bando linaweza kuisha kabla hujagusa padi. Nenda Settings, kisha Network, kisha Settings iliyo humo, uzime Connect to the Internet, ndipo uingize diski na kuiacha inakili hadi mwisho. Zima pia Automatic Updates iliyo chini ya Saved Data and Game/App Settings. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zitacheza kwa toleo lililomo kwenye diski. Kucheza na wengine mtandaoni ndiko kunakodai sasisho, na hapo hakuna njia ya mkato.

Zipo pia diski ambazo karibu ni tupu. Ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 kwa PS5 ilikuwa na chini ya MB 100, na gemu yenyewe ilibidi ipakuliwe yote. Kwa mtu wa bando, diski ya namna hiyo ina gharama ya data kama ya kupakua; faida pekee iliyobaki ni kwamba inauzika. Kabla hujatoa fedha, soma mgongo wa kasha uone kama pameandikwa kwamba upakuaji unahitajika.

Unaponunua diski iliyotumika, igeuze chini ya mwanga mkali. Diski hizi ni za Blu-ray, na tabaka la data liko sehemu ya kumi tu ya milimita chini ya uso unaong'aa, kwa hiyo mkwaruzo wa kina hausuguliki ukaisha kama kwenye DVD za zamani. Usiridhike kwa kuona gemu imefunguka, kwa sababu baadhi huruhusu kuanza kucheza kabla ya kunakili kukamilika. Diski mbovu hukwama katikati ya kunakili, ikirudia palepale. Mwombe muuzaji aiache imalize, na subira hiyo ina thamani.

Kuna wanaouza akaunti zenye gemu za kupakua kwa bei ya kutupa. Nilinunua moja hivyo, na baada ya muda mwenye awali akairejesha kwake kwa kubadili nywila. Gemu zote zikafungwa, na sikuwa na pa kudai, kwa kuwa masharti ya huduma hayaruhusu kuuza akaunti. Kwa kifupi, gemu ya kupakua haiuziki.

Kwa hali yako, tafuta mashine yenye sehemu ya diski. Ikiwa fedha inabana na lazima uanze na ile isiyo nayo, angalia namba ya modeli nyuma yake. Zinazoanza na CFI-1 haziwezi kuongezewa sehemu ya diski kamwe. Zinazoanza na CFI-2, zilizotoka mwaka 2023, zinapokea kisomeo kinachouzwa peke yake, ambacho huhitaji intaneti mara moja tu siku ya kukiunganisha na mashine.