Jina lililoandikwa kwenye bima ya madrasa yetu

Paa la madrasa yetu hapa Ngamiani, Tanga, liliungua usiku. Moto ulianzia kwenye nyaya zilizopitishwa juu ya dari. Hakuna aliyeumia. Asubuhi mwekahazina alikuja na faili kwapani, akaniambia, "Katibu, tusihangaike, bima tunayo." Kweli tulikuwa nayo, ila fedha tulizipata baada ya miezi saba. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotelea kwenye mstari mmoja wa hati: jina la mwenye bima.

Palikuwa pameandikwa "Kamati ya Msikiti", na chini yake namba ya simu ya mwekahazina. Kamati kama yetu, kisheria, si mtu. Ni watu tuliochaguana kuangalia maji, umeme na mishahara ya maustadhi. Kiwanja chenyewe kiko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Bodi ile ndiyo mtu: ina lakiri yake, inashtaki na kushtakiwa, na jengo likiungua hasara ni yake. Kampuni ya bima ikauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kujiuliza: aliyekatiwa bima amepoteza nini, ikiwa jengo si lake?

Hawakutukatalia moja kwa moja. Walisema watalipa endapo wadhamini wenyewe watadai, na hundi itaandikwa kwa jina la wadhamini. Tukafungua kabati. Katika wadhamini watano waliosajiliwa, wawili walikuwa wamefariki na mmoja alihamia Pemba miaka mingi. Katiba yetu inataka sahihi za watatu, na RITA hakuna aliyepeleka taarifa za mabadiliko. Mzee mmoja kati ya wawili waliobaki alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani udhamini ni heshima tu." Nami nilidhani hivyo hivyo.

Basi tukaitisha mkutano mkuu, tukachagua watatu wa kujaza nafasi, tukaandika muhtasari, tukapeleka RITA na kusubiri. Hapo ndipo ilipoenda miezi minne. Majina mapya yalipoingia, wadhamini walikaa kikao, wakaazimia kwa maandishi kwamba katibu na mwekahazina wanaweza kujaza fomu ya madai, kumpokea mkadiria hasara na kupeleka nyaraka kwa niaba yao. Hati ya kupokea malipo wakaiacha mikononi mwao wenyewe, na walifanya vizuri. Ile hati kwa kawaida husema kiasi hicho ndicho cha mwisho na hamtadai tena kwa hasara hiyo. Karatasi ya namna hiyo asiisaini mtu mmoja nyumbani kwake baada ya magharibi.

Kiasi nacho kilituuma. Kulijenga jengo upya kungegharimu milioni 90, lakini mwekahazina, kwa nia njema ya kupunguza ada, aliliandikisha kwa milioni 60. Paa na dari vilikadiriwa kuwa hasara ya milioni 18. Kwa kuwa tuliandikisha theluthi mbili tu ya thamani, kampuni ililipa theluthi mbili ya hasara, yaani milioni 12, ikakata laki 5 ambazo mkataba ulisema tunabeba wenyewe. Mkononi ikafika milioni 11 na nusu. Watu wengi hudhani bima ya milioni 60 inamaliza hasara yoyote iliyo chini ya milioni 60. Mkataba ukiwa na sharti hilo la uwiano, sivyo.

Majirani zetu wa kanisani nao waangalie hili: mara nyingi kiwanja cha parokia kiko kwa jina la wadhamini wa dayosisi, si la parokia. Kabla ya kujaza fomu ya maombi, chukua hati ya kiwanja na cheti cha wadhamini, uviweke mezani pamoja. Jina la kwenye bima lifanane na hayo herufi kwa herufi, na kamati itajwe kama mwangalizi tu. Ada ilipwe kutoka akaunti ya taasisi. Yetu ililipwa kwa simu ya mwekahazina, na kuna muumini aliyeanza kunong'ona kwamba bima ni ya mtu binafsi.

Lililobaki ni la kina mama. Kikundi chao kilikuwa kimehifadhi cherehani sita katika chumba cha nyuma, zote zikaharibika, na hakuna hata moja iliyolipwa. Hazikuwa mali ya wadhamini, na hazikuwa kwenye orodha. Tulipokata bima upya, kwa jina sahihi safari hii, tuliomba mali za wengine zilizo chini ya uangalizi wetu ziongezwe. Cherehani zao mpya zimeandikwa moja moja, na kikundi chao kinachangia sehemu yake ya ada.